Batobato ya muhogo Dodoma: tazama jani la chini kabla ya kununua dawa ya kupuliza

Kila mwaka kati ya mwisho wa Januari na Machi, mihogo iliyopandwa Desemba ikiwa imefika magotini, wakulima wa Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa huingia kwenye maduka ya pembejeo wakiwa na jani mkononi. Jani hilo limejikunja, lina mabaka ya manjano au ya kijani kilichopauka, na mkulima anataka kujua dawa yake. Mwenye duka naye, kwa kuwa kazi yake ni kuuza, humpa kiuatilifu cha kuua wadudu, na pengine humwongezea dawa ya ukungu au mbolea ya majani. Wiki tatu baadaye shamba liko vilevile, na lawama huangukia dawa kwamba ni feki. Huenda dawa ni halali kabisa, ila imetumwa kazi isiyoiweza.

Kabla ya kuuliza dawa ipi, mkulima anapaswa kuulizwa jambo jingine: jani hili umelichuma sehemu gani ya mmea, na majani yaliyokuwa chini yake yalikuwaje? Jibu la swali hilo ndilo linaloeleza ugonjwa umeingia shambani kwa njia ipi, na njia hiyo ndiyo inayoamua kama kuna cha kufanya mwaka huu au mpaka msimu ujao.

Kwanza, hakikisha kwamba ni batobato

Batobato husababishwa na virusi, na dalili yake kuu ni mambo mawili yanayokwenda pamoja: rangi na umbo. Mabaka hayakai kwa ulinganifu. Upande mmoja wa kijijani unaweza kuwa wa kijani kizuri huku upande wa pili umepauka, na kwa kuwa sehemu iliyopauka haikui sawasawa na ile yenye afya, jani hulazimika kujipinda, kufinyaa au kupindukia upande mmoja. Ukilishika jani changa lenye batobato na kulinyoosha kwa vidole, halilali bapa. Mmea ulioathirika sana hubaki mfupi, vijijani vyake huwa vyembamba kama nyuzi, na mizizi yake wakati wa kuvuna huwa michache na midogo.

Katika ukanda huu wa kati, kinachochanganya watu zaidi ni utitiri wa kijani, ambaye hushamiri kiangazi na katika vipindi vya ukame katikati ya mvua. Utitiri hufyonza majani machanga ya kileleni na kuyaachia vidoadoa vidogo vya manjano, kama yaliyochomwa kwa sindano, na kilele huweza kupukutika majani mpaka kikabaki kijiti kitupu. Mvua nzuri ikinyesha wiki mbili mfululizo, majani mapya ya mmea ulioshambuliwa na utitiri hutoka safi. Mmea wenye batobato haufanyi hivyo, kwa maana virusi vimo ndani yake. Upungufu wa zinki nao hupausha majani machanga, lakini hupausha sehemu za katikati ya vishipa kwa mpangilio unaofanana pande zote mbili za jani, na mara nyingi mimea yote ya kipande kimoja cha udongo huonekana hivyo. Batobato huacha mmea mgonjwa ukiwa bega kwa bega na mmea mzima kabisa.

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni habari nyingine. Huo huanza kuonekana kwenye majani yaliyokomaa ya chini, ambayo huwa na umanjano unaofuata vishipa bila jani kujikunja, na madhara yake makubwa yamo ndani ya mizizi, ambayo huoza na kuwa na madoa makavu ya kahawia. Nitaurudia kwa kifupi mbele, kwa sababu shina lisilo na batobato si lazima liwe limesalimika na michirizi.

Dalili ni ileile, chanzo ni viwili

Virusi vya batobato huufikia mmea kwa njia mbili tu zenye uzito shambani. Njia ya kwanza ni pingili yenyewe: shina lililokatwa kutoka kwenye mmea mgonjwa linapopandwa, virusi huchipua pamoja na macho yake. Njia ya pili ni inzi weupe, wadudu wadogo wenye urefu wa takriban milimita moja, wanaokaa upande wa chini wa majani machanga na kuruka kama vumbi jeupe ukitikisa kilele. Udongo hauambukizi. Panga lililokata shina gonjwa halipeleki ugonjwa kwenye shina zima kwa kiasi cha kumsumbua mkulima, na mbegu halisi, ile inayotokana na ua la muhogo, haina virusi hivi. Wala mtu anayekula mizizi au kisamvu cha mmea wenye batobato hapati ugonjwa huo. Swali hili huulizwa sana, na jibu lake ni kwamba virusi hivi ni vya mimea.

Njia hizo mbili huacha alama tofauti. Mmea uliotokana na pingili yenye ugonjwa huonyesha dalili tangu majani ya kwanza kabisa baada ya kuchipua, kwa hiyo ukiutazama kuanzia ardhini kwenda juu, mabaka yapo kuanzia jani la chini. Mmea uliozaliwa mzima kisha ukaambukizwa na inzi weupe huwa na majani ya chini yaliyo safi, yaliyonyooka na yenye ukubwa wa kawaida, halafu kuanzia mahali fulani juu ya shina mabadiliko huanza ghafla. Sababu ni kwamba inzi huambukiza kupitia majani machanga, jambo lililochunguzwa na watafiti wa kituo cha Amani, Usambara, tangu miaka ya 1930, na jani ambalo lilikwisha kukomaa kabla ya maambukizi halibadiliki tena.

Kuna sharti moja la muda. Kuanzia siku inzi anapoingiza virusi mpaka dalili zionekane hupita kwa kawaida wiki tatu hadi tano. Kwa hiyo ukikagua shamba wiki ya nne baada ya kuchipua, karibu kila mmea mgonjwa utakaouona umetokana na pingili. Ukisubiri mpaka mmea ufikishe miezi minne, majani ya chini yatakuwa yamepukutika au yamechumwa kisamvu, na ushahidi umeondoka nayo. Kwa aliyepanda katikati ya Desemba, wakati unaofaa wa ukaguzi wa kwanza ni mwisho wa Januari hadi mwanzoni mwa Februari.

Mfano: nusu ekari huko Chamwino

Tuchukue shamba la nusu ekari lililopandwa wiki ya tatu ya Desemba kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, yaani mimea ipatayo 2,000. Pingili zilitoka kwa jirani, zikiwa zimerundikwa chini ya mti tangu Oktoba. Mwanzoni mwa Februari mwenye shamba analalamika kwamba inzi weupe wamelimaliza shamba, na kwa kweli ukitikisa kilele inzi wanaruka.

Ukaguzi wake hauhitaji kifaa. Unavuka shamba kwa mstari wa mshazari kutoka kona moja hadi kona ya pili ukitazama mimea 15 kwa kupisha umbali unaolingana, kisha unavuka mshazari wa pili na kutazama mingine 15. Usichague mmea; pale hatua zinapokufikisha ndipo unapoinama. Kila mmea unaandikwa katika moja ya makundi matatu: mzima, mgonjwa tangu chini, au mgonjwa juu tu.

Tuseme matokeo ni haya: mimea 16 ni mizima, 12 ni migonjwa tangu jani la chini, na 2 tu ndiyo yenye majani safi chini na mabaka juu. Hesabu hiyo ndogo inabadilisha mazungumzo yote. Mimea 12 kati ya 30 ni asilimia 40, ikimaanisha kwamba kati ya pingili 2,000 zilizozikwa Desemba, karibu 800 zilikuwa na ugonjwa kabla hata ya inzi kulijua shamba hilo. Inzi wamechangia mimea 2 kati ya 14 iliyo migonjwa. Hata kama mkulima angekuwa na dawa isiyokosea hata inzi mmoja, na akaipuliza kila wiki tangu siku ya kwanza, leo angekuwa na mimea 12 migonjwa badala ya 14.

Tofauti hiyo ni kubwa zaidi ukiitazama kwa mavuno. Mmea ulioanza maisha yake ukiwa mgonjwa ndio unaopoteza sana, kwa kuwa majani yaliyopaswa kujenga mizizi hayakuwahi kufanya kazi ipasavyo. Mmea ulioambukizwa na inzi ukiwa na miezi minne au mitano huwa umekwisha kujenga sehemu kubwa ya mwili wake, na mara nyingi hasara yake ni ndogo. Kwa maneno mengine, kundi ambalo dawa ingeweza kulikinga ndilo dogo zaidi, na pia ndilo lenye hasara ndogo zaidi.

Kwa nini dawa haifiki hata pale inzi walipo kweli

Mtu anaweza kusema kwamba mimea 2 ni mimea 2, na kwamba inzi wataongezeka. Ni kweli wataongezeka, lakini hesabu ya muda haiko upande wa mpulizaji. Inzi mweupe anahitaji kufyonza mmea mgonjwa kwa saa chache ndipo abebe virusi, kisha virusi hupita mwilini mwake kwa saa kadhaa nyingine kabla hajaweza kuambukiza, na baada ya hapo hubaki navyo kwa siku nyingi. Kuvitia kwenye mmea mpya kunamchukua muda mfupi, hata dakika 10 zinatosha. Dawa nyingi zinazouzwa madukani haziui kwa kasi hiyo. Inzi aliyeingia shambani asubuhi akitokea kwenye shamba la jirani huwa amekwisha kuonja vilele vitatu au vinne kabla sumu haijamlegeza.

Tena anayeambukiza mara nyingi ni huyo mgeni anayeingia kutoka nje. Mvua zinapoanza, vilele vichanga huwavuta inzi kutoka mihogo ya zamani iliyobaki ardhini, kutoka maotea yaliyochipua kwenye shamba lililovunwa, na hata kutoka kwenye miti ya muhogo mpira inayopandwa karibu na nyumba kwa ajili ya kisamvu. Ukipuliza Jumatatu, Alhamisi wengine wamefika. Watoto wao hukaa wamegandamana chini ya jani, mahali ambapo bomba la mgongoni likielekezwa kutoka juu halifikishi tone, na mayai hayaguswi kabisa. Yai hukua mpaka kuwa inzi kamili kwa takriban wiki tatu hadi nne, kwa hiyo kizazi kipya hujitokeza dawa ikiwa imekwisha nguvu. Ongeza kwamba inzi hawa wamejenga usugu dhidi ya dawa nyingi za kundi la pareto ya viwandani, na kwamba dawa hizo huua nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya watoto wa inzi weupe. Ndiyo maana wengine huona inzi wengi zaidi mwezi mmoja baada ya kupuliza kuliko kabla ya kupuliza.

Majani ya mwarobaini na maji ya sabuni huwapunguza inzi kwa siku chache, na hayana madhara makubwa kwa mfuko. Hayafikii virusi vilivyokwisha kuwamo ndani ya shina, kama ambavyo dawa ya dukani haivifikii. Mmea wenye batobato haupulizwi ukapona.

Kuna hali moja ambapo kiuatilifu kina nafasi yake: inzi wanapokuwa wengi kiasi cha kudondosha utomvu mtamu unaoota masizi meusi juu ya majani. Hapo unatibu madhara ya mdudu mwenyewe, si batobato, na kwa mvua za Dodoma hali hiyo haitokei kila mwaka.

"Nilichagua miti mizuri, mbona yote imeugua?"

Lalamiko hili ndilo zito kuliko yote katika mkoa wetu, na chanzo chake kiko kwenye kalenda. Mvua zetu ni za msimu mmoja, huanza mwisho wa Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Baada ya hapo muhogo hupunguza majani, na ifikapo Oktoba shina limebaki na kishungi kidogo cha majani kileleni, au halina kabisa. Hata majani yanayobaki hayasemi ukweli wote, kwa kuwa joto kali hufifisha dalili za batobato, na Oktoba na Novemba ndiyo miezi yetu ya joto kali. Sasa ni katika miezi hiyohiyo mkulima anapokwenda kukata mbegu. Anachagua shina nene, refu, lenye ganda safi, lakini shina halina maandishi. Mmea mgonjwa wa aina inayostahimili kiasi unaweza kuwa na shina la kuvutia kabisa.

Kwa hiyo kuchagua mbegu Novemba ni kuchagua gizani. Uchaguzi unatakiwa ufanyike Februari na Machi, mmea ukiwa umevaa majani yake yote, ingawa panga litaingia miezi minane baadaye. Njia ni kufunga alama. Chukua vipande vya kitambaa cha rangi kali au kamba za katani (mifuko ya plastiki huchanika kwa jua kabla ya Agosti) na ufunge kwenye shina la kila mmea ulio mzima tangu chini hadi juu, ambao pia majirani zake wanne ni wazima. Sharti la majirani ni la maana, kwa sababu mmea mzima uliozungukwa na wagonjwa unaweza kuwa umekwisha kuambukizwa bila kuonyesha bado. Rudi katikati ya Aprili, mvua zikiwa zinaishia, na ufungue kamba kwenye kila mmea uliogeuka. Zile zinazobaki na kamba ndizo mbegu zako. Watu wote wa nyumbani waambiwe maana ya kamba hizo, ili mihogo hiyo isivunwe Julai kwa ajili ya futari au mboga.

Kwa nusu ekari ya mfano wetu, mimea 16 mizima kati ya 30 ni kama mimea 1,060 kati ya 2,000. Si yote itakayotimiza sharti la majirani. Shamba likiwa limechanganyika hivyo, pengine itakayotimiza ni mia moja au mia mbili, na baadhi itaanguka mwezi Aprili. Katika hali yetu ya ukame, mmea mmoja hutoa pingili nzuri tano hadi kumi. Ukibaki na mimea 120 yenye kamba na kila mmoja ukatoa pingili sita, unazo 720. Hazitoshi nusu ekari, na hapa ndipo wengi hujaziliza pengo kwa pingili za jirani na kuharibu kazi yote. Ni afadhali kupanda zile 720 peke yake kama shamba la mbegu, na sehemu nyingine upande mtama.

Kuanza na pingili za kununua

Pale ukaguzi unapoonyesha kwamba zaidi ya nusu ya mimea ni migonjwa tangu chini, kufunga kamba hakulipi, na ni vyema kununua. Pingili zilizokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayosimamia ubora wa mbegu, hutoka kwa wazalishaji waliosajiliwa na huwa na lebo. Vituo vya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, vya Makutupora na Hombolo ndipo pa kuuliza ni aina gani inafaa ukame wetu na nani anayezalisha karibu. Huhitaji kununua za shamba zima. Pingili 300 huchukua eneo la takriban hatua 17 kwa 18, na mwaka unaofuata hutoa kati ya 1,500 na 3,000, yaani za kutosha kati ya theluthi moja na robo tatu ya ekari.

Lebo husema mmea mama ulikaguliwa na kuonekana safi. Haisemi kwamba pingili hiyo haitaambukizwa, isipokuwa kama ni aina yenye ukinzani, na hata ukinzani una viwango. Mwulize mwuzaji pia habari ya michirizi ya kahawia, kwa sababu kuna aina zinazokataa batobato vizuri lakini mizizi yake huoza kwa michirizi. Wakati wa kuvuna, kata mizizi kadhaa ya mimea yenye kamba kwa upana. Ukikuta madoa ya kahawia, usichukue mbegu kwenye mmea huo hata kama majani yake yalikuwa mazuri kiasi gani.

Pingili ikishafika, iwe na urefu wa sentimita 20 hadi 30 na macho matano hadi saba, kutoka shina lenye umri wa miezi minane hadi kumi na minane. Mashina yanayosubiri mvua yasimamishwe kivulini, vitako vikiwa vimefukiwa kidogo kwenye udongo wenye unyevu, na yakatwe siku ya kupanda. Ukilikwaruza ganda kwa ukucha na utomvu usitoke, jicho hilo limekufa. Shamba la mbegu likae mbali kadiri inavyowezekana na muhogo wa zamani, na upande wa mashariki wake, kwa sababu pepo zetu kwa sehemu kubwa hutoka huko na inzi hubebwa na upepo kuliko wanavyoruka kwa nguvu zao.

Kung'oa: lini, vipi, na lini uache

Kung'oa mimea inayougua kunafanya kazi katika shamba lililoanza safi au karibu safi. Shamba la mbegu la mimea 300 likiwa na mimea 6 au 10 migonjwa mwishoni mwa Januari, ing'olewe yote siku hiyohiyo. Kila mmoja ulioachwa ni mahali ambapo inzi wenyeji watabeba virusi, na tofauti na inzi wageni, hawa wako ndani ya shamba muda wote. Pita kila wiki kuanzia kuchipua hadi mmea utimize miezi mitatu. Baada ya hapo kung'oa hakusaidii mavuno tena, lakini katika shamba la mbegu endelea kuondoa au kuweka alama ya kutokatwa mbegu.

Fanya kazi hiyo alfajiri, inzi wakiwa bado wamezizima kwa baridi ya usiku. Ng'oa na mizizi, usikate juu, maana kisiki huchipua kikiwa na ugonjwa uleule. Tia mmea kwenye gunia papo hapo badala ya kuutupa kwenye tuta, kwa kuwa jani linaponyauka inzi huliacha na kuhamia mmea wa karibu. Nje ya shamba mimea hiyo ianikwe juani mpaka ikauke kabisa au ichomwe. Kuna desturi ya kuchomeka mashina ya muhogo kuwa uzio wa bustani. Mashina hayo huchipua, na uzio unageuka kuwa chanzo cha virusi mlangoni pa nyumba. Maotea ya msimu uliopita nayo yaondolewe kabla mvua hazijakolea.

Upinzani unaosikika kwa kawaida ni kwamba kung'oa ni kutupa chakula. Katika miezi miwili ya kwanza ya mmea si kweli kwa kiasi hicho, kwa sababu mmea mzima ulio pembeni ya nafasi iliyoachwa hutanua matawi na mizizi na kufidia sehemu ya pengo, ilhali ule mgonjwa ungechukua nafasi na maji na kukupa mizizi miwili mitatu myembamba. Ila hesabu hiyo hugeuka idadi inapokuwa kubwa. Katika lile shamba la Chamwino, kung'oa mimea 800 kati ya 2,000 mwezi Februari kungeacha mapengo yasiyofidiwa, inzi kutoka nje wangeendelea kuingia, na familia ingekosa chakula bila kupata mbegu safi. Shamba la namna hiyo huachwa likomae liliwe, hufungwa kamba ile mimea inayostahili, na mashina yote yaliyobaki hayavuki mpaka wa shamba wakati wa kuvuna, hata jirani akiomba.

Dalili zikirudi mwaka wa pili au wa tatu

Shamba lililoanza kwa pingili safi likionyesha mimea michache yenye ugonjwa tangu chini katika mwaka wa pili, hiyo haimaanishi kwamba mbegu ya mwanzo ilikuwa mbaya. Ni ile mimea iliyoambukizwa na inzi mwishoni mwa msimu uliopita, wakati majani yalikuwa yanapungua na dalili hazikuonekana, kisha ikakatwa mbegu. Ilimradi idadi yake inabaki chini kiasi cha kung'oleka kwa asubuhi moja, mfumo unafanya kazi. Ikipanda mwaka hadi mwaka, tazama kwanza kama ukaguzi wa Aprili ulifanyika kweli, kisha tazama kuna nini upande upepo unakotoka.

Jambo la kinyume nalo hutokea. Baadhi ya aina zenye ukinzani hazisambazi virusi kwenye shina lote, na pingili iliyokatwa kwenye mmea mgonjwa inaweza kuchipua safi. Wapo wanaochukua hilo kuwa ruhusa ya kupanda chochote, wakidai kwamba muhogo hujiponya wenyewe. Kwa aina zetu nyingi za asili hilo halitokei vya kutosha kulitegemea, na kwa aina zenye ukinzani hutokea kwa baadhi ya pingili tu, kwa hiyo ukaguzi wa wiki ya nne unabaki palepale: mimea 30, mishazari miwili, na macho yaanzie kwenye jani la chini.